Tarehe mbili kwenye simu moja

Ukifungua Mipangilio kwenye simu yangu, ukaingia Kuhusu simu na kugusa toleo la Android, utakuta mistari miwili iliyokaribiana. Wa kwanza unasema kiraka cha usalama cha Android ni cha tarehe 5 Oktoba 2024. Wa pili, chini yake kidogo, unasema kiraka cha usalama cha mtengenezaji ni cha tarehe 1 Disemba 2020. Kati ya mstari na mstari kuna karibu miaka minne, na yote miwili inasema kweli.

Mdogo wangu ndiye aliyeuona mstari wa pili kwanza. Aliniuliza, "Kaka, sasa hii simu imesasishwa au haijasasishwa?" Nilimjibu haraka kwamba imesasishwa, kisha nikakaa na swali lake siku nzima, kwa sababu jibu langu lilikuwa nusu tu. Nimeandika makala hii kumjibu vizuri, na njia ya kufika kwenye jibu inapitia jinsi nilivyoweka mfumo huu mwanzoni.

Simu yenyewe iliachwa na mtengenezaji wake ikiwa na Android 10. Baada ya hapo hakuna kilichokuja tena. Mapema mwaka 2023 niliamua kuiwekea LineageOS 20, ambayo ni Android 13 iliyojengwa na wanajamii kutoka kwenye msimbo ambao Google huuweka wazi. Mradi huu ulianza Disemba 2016, baada ya kampuni iliyokuwa nyuma ya CyanogenMod, mfumo wa wanajamii uliotangulia, kutangaza kwamba inafunga huduma zake, na tangu hapo watu wa kujitolea ndio wanaozibeba simu ambazo watengenezaji wamezitua.

Kufungua butloda sitakaa nako sana. Butloda ni ile programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote, na kazi yake ni kukagua kama mfumo unaotaka kuwaka una sahihi ya mtengenezaji. Kila mtengenezaji ana utaratibu wake wa kuifungua, na wengine hawaruhusu kabisa. Kwenye simu yangu ilikuwa amri moja, na simu ikafuta kila kitu changu palepale. Ufutaji huo una maana yake. Usingekuwepo, mtu aliyeokota simu yako angeweza kufungua butloda, akaweka mfumo wake na kujisomea picha na ujumbe wako. Tangu siku hiyo simu yangu ikiwaka hutoa onyo kwamba butloda iko wazi, na ukiiuliza kwa amri hii ya adb, chombo cha kompyuta cha kuitumia simu amri, hujibu `orange`:

```
adb shell getprop ro.boot.verifiedbootstate
```

Hatua iliyofuata ni rikaveri, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Rikaveri ni mfumo mdogo unaokaa kwenye kipande chake cha hifadhi, pembeni ya Android. Simu ikitakiwa kujisasisha au kujifuta, Android hulala na rikaveri huamka kufanya kazi hiyo. Rikaveri ya mtengenezaji hukubali tu vifurushi vyenye sahihi yake, kwa hiyo ukitaka kuweka mfumo wa wanajamii lazima kwanza ubadilishe huyu mlinda mlango. Nilichagua TWRP, ambayo wengi wanaifahamu kwa vitufe vyake vikubwa vya kugusa. Simu ikiwa kwenye fastboot, hali ya butloda ya kupokea amri kabla Android haijawaka, na imeunganishwa na kompyuta kwa waya, niliandika:

```
fastboot flash recovery twrp.img
fastboot reboot
```

Jibu lilikuwa `OKAY`. Simu ikawaka kama kawaida, nikaizima, nikashika vitufe vya kuingia rikaveri, na ikatokea ileile ya mtengenezaji. Nikarudia. `OKAY` tena, na rikaveri ya zamani tena. Nilirudia mara nne nikidhani faili ni bovu, nikalipakua upya, hata waya nikabadilisha.

Faili halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa ule mstari wa pili, `fastboot reboot`. Mfumo rasmi wa simu nyingi za kizazi hicho una hati ndogo ya amri inayojiendesha kila simu inapowaka. Hukagua kipande cha rikaveri, na ikikuta kilichomo si kile inachokijua, hukiandika upya kimyakimya. TWRP ilikuwa inaingia kweli kila mara, nami kwa kuiacha simu iwake kwenye Android ya mtengenezaji nilikuwa naipa nafasi ya kuifuta. Dawa yake ni kutoka fastboot moja kwa moja hadi rikaveri bila kupita Android: unashika vitufe vya rikaveri tangu skrini inapozimika na huviachii mpaka nembo ya TWRP itokee. Ukishaingia mara moja na kuweka mfumo mpya, ile hati inaondoka pamoja na mfumo wa zamani, na hutasumbuliwa tena.

Ndani ya TWRP kazi ilikuwa na mpangilio ambao haupindishwi. Kwanza ni kufomati kipande cha data, kile ambacho TWRP inakutaka uandike `yes` kwa mkono kabla haijakigusa. Unaweza kuuliza, si data ilishafutwa wakati wa kufungua butloda? Ilifutwa, ila simu iliwaka tena kwenye Android ya mtengenezaji, ikasimba hifadhi upya kwa funguo zake, na mfumo mpya hauwezi kuzitumia funguo hizo. Anayeruka hatua hii hukaa akitazama nembo ya kuwakia ikizunguka bila mwisho.

Kisha kifurushi chenyewe. Nilikituma kutoka kwenye kompyuta:

```
adb sideload lineage-20.0-signed.zip
```

Jina halisi la faili ni refu zaidi, lina tarehe ya kujengwa na jina la kificho la simu, na hilo jina la kificho lazima lilingane na simu yako herufi kwa herufi. Kwenye kompyuta asilimia zilipanda hadi 47, zikasimama, na chini yake pakaandikwa `adb: failed to read command: Success`. Nakumbuka mikono ilivyobaki hewani juu ya kibodi. Sentensi inayosema imeshindwa, na imeshindwa kwa mafanikio! Ukweli ni kwamba kifurushi huwa kimesomwa chote kinavyotakiwa na rikaveri imemaliza kazi. Asilimia ya kwenye kompyuta huhesabu vitu tofauti na unavyodhani. Ukifika hapo, tazama skrini ya simu. Yenyewe ndiyo inayosema kweli, na yangu ilikuwa imeshasema imemaliza.

Nilitaka pia huduma za Google, ambazo LineageOS haiji nazo. Hizo hufleshiwa, yaani huandikwa kwenye hifadhi kupitia rikaveri, papo hapo, kabla mfumo mpya haujawaka hata mara moja. Ukiuacha uwake kwanza bila Google kisha ukaziongeza kesho yake, programu hizo hukuta mfumo umeshagawa ruhusa bila kuzihesabu, na huanza kuanguka moja baada ya nyingine. Wanaotumia rikaveri ya LineageOS badala ya TWRP watakutana hapa na swali: sahihi haikuthibitishwa, uendelee? Kwa kifurushi cha Google jibu ni ndiyo, kwa sababu hakikusainiwa kwa ufunguo wa LineageOS. Swali hilohilo likitokea kwa kifurushi cha LineageOS chenyewe, simama. Faili limeharibika au si lao.

Hapo simu ikawaka, na mengi ya wanayoandika watu huishia hapo. Kwangu mimi mambo yenyewe yalianzia wiki iliyofuata, sasisho la kwanza lilipobisha hodi.

Sasisho lilionekana kwenye Mipangilio, mahali palepale ambapo masasisho rasmi yalikuwa yakitokea zamani. Ukubwa wake ulikuwa unakaribia GB 1. Nilishtuka, maana mtengenezaji alikuwa akinitumia masasisho ya kila mwezi ya megabaiti chache, na haya ya wanajamii yanajengwa karibu kila wiki.

Tofauti hiyo ya ukubwa inatokana na namna mbili za kufikiri. Tangu Android 5.0, sasisho dogo rasmi halibebi mafaili mazima. Linabeba tofauti za matofali ya hifadhi: chukua tofali hili lililopo, libadilishe hivi, upate jipya. Ili hesabu hiyo itoke sawa, mfumo ulio kwenye simu lazima uwe vilevile ulivyotoka kwa mtengenezaji, hadi biti ya mwisho. Sasisho huanza kwa kupima, na likikuta tofauti hata ndogo, linakataa.

Hili nililijua kwa uchungu kwenye simu niliyokuwa nayo kabla ya hii. Niliiwekea TWRP huku nikiacha mfumo rasmi ndani yake, nikifikiri nimepata mazuri ya pande zote. TWRP iliniuliza kama nairuhusu kubadilisha kipande cha mfumo, nikateleza kidole kukubali, na sikubadilisha chochote. Sasisho rasmi lililofuata likakataa kuingia. Kumbe kitendo cha kukifungua kipande kile kwa ajili ya kuandikwa kinatosha, kwa sababu mfumo wa mafaili hujiandikia kumbukumbu kwamba umefunguliwa na lini. Baiti hizo chache zimebadilika, kipimo hakilingani tena, na sasisho zima linageuka mgeni aliyekosea nyumba.

Wanajamii hawawezi kwenda na njia hiyo. Hawajui simu yako imetoka kwenye ujenzi wa wiki gani, kama uliruka wiki tano, au kama umechokonoa kitu ndani. Kwa hiyo hutuma mfumo mzima kila wiki, na rikaveri huuandika juu ya wa zamani bila kuuliza ulikuwaje. Ndiyo maana unaweza kukaa miezi mitatu bila kusasisha, kisha ukachukua la mwisho peke yake na likaingia bila shida. Bei yake unailipa kwa bando.

Lakini subiri, kama mfumo mzima unaandikwa upya, programu za Google nilizozifleshi kwa mkono zinabakije? Zilikaa ndani ya kipande hichohicho cha mfumo, zilipaswa kufutika. Nilitafuta jibu nikalikuta kwenye folda moja, `/system/addon.d`. Kifurushi cha Google kilipoingia kiliacha hati yake humo, yenye orodha ya mafaili yake. Sasisho la LineageOS kabla ya kuandika huziita hati zote zilizomo, kila moja ikahamisha mafaili yake pembeni. Mfumo mpya ukishakaa, huziita tena ziyarudishe. Ni utaratibu wa kuaminiana, na hufanya kazi kwa aliyeacha hati tu. Faili la sauti nililokuwa nimelibandika kwa mkono ndani ya mfumo lilipotea kwenye sasisho la kwanza, nami sikuwa na wa kumlaumu. Data yako, yaani picha, programu ulizopakua na mipangilio, iko kwenye kipande kingine na haiguswi.

Sahihi nazo zina mwenendo wake. Sasisho rasmi husainiwa na mtengenezaji na hukaguliwa hadi kwenye butloda kila simu inapowaka. La wanajamii husainiwa kwa ufunguo wa mradi. Programu ya kusasisha huikagua sahihi hiyo baada ya kupakua, na rikaveri ya LineageOS huikagua tena. Butloda yenyewe, ikiwa wazi, haimzuii mtu. TWRP nayo haikagui mpaka uweke tiki kwenye kisanduku chake. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizonifanya baadaye niiache TWRP nikachukua rikaveri ya LineageOS. Sababu nyingine ni kwamba TWRP yangu ilizeeka. Android ilipopanda, ikashindwa kufumbua hifadhi, na nilipofungua folda zangu ndani yake nikakuta majina ya herufi zisizosomeka. Hakuna kilichoharibika, Android ikiwaka kila kitu kipo, ila rikaveri isiyoona mafaili haina msaada wakati unaihitaji. Wengi wakiyaona majina yale hudhani wamevamiwa na virusi na kufomati kwa hofu, wakapoteza data iliyokuwa salama kabisa.

Sasa nije kwenye siku iliyonifundisha maana ya mstari wa pili.

Ilikuwa miezi michache baada ya kuweka mfumo. Sasisho la wiki lilipakuliwa, simu ikajizima, ikaingia rikaveri, na baada ya sekunde chache ikarudi kwenye Android ileile ya wiki iliyopita. Nikajaribu tena, hali ileile. Safari ya tatu nikalituma kwa mkono kupitia `adb sideload` ili nisome maandishi ya rikaveri, na katikati yake palikuwa na mstari uliosema kifurushi kinahitaji fimuwea ya toleo fulani au jipya zaidi, pandisha kisha ujaribu tena.

Fimuwea hapa ni zile programu zinazokaa ndani ya vifaa vyenyewe: ya modemu inayoongea na minara, ya eneo salama la prosesa linalotunza funguo, na butloda yenyewe. Kila moja ina kipande chake cha hifadhi. Mtengenezaji anapotuma sasisho rasmi, mara nyingi hupakia na hizi humohumo, na wewe hujui hata kama zimebadilika. Kifurushi cha LineageOS cha simu yangu hakizibebi. Kinaandika mfumo na keneli, yaani kiini cha mfumo kinachoongea na vifaa, halafu kinazikuta fimuwea zilivyo na kuziacha zilivyo.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la zamani. Kabla ya kufungua butloda nilikuwa nimeliahirisha sasisho la mwisho la mtengenezaji, nikiona halina maana kulipokea kwa mfumo ambao naufuta kesho. Mfumo niliufuta kweli, lakini fimuwea zikabaki za miezi kadhaa nyuma. Wajenzi wa LineageOS wa simu hii walipohamia kwenye mafaili yanayotegemea fimuwea ya mwisho, waliweka ukaguzi mwanzoni mwa kifurushi. Nao ukaguzi huo uliniokoa, kwa sababu ulisimama kabla ya kuandika hata tofali moja. Ungekuwa haupo, ningebaki na simu inayowaka vizuri lakini haishiki mtandao, au kamera inafunguka nyeusi, au kidole hakisomeki, na ningetafuta kosa wiki nzima mahali ambapo halipo.

Nililirekebisha kwa kuchukua kifurushi rasmi cha mwisho cha simu yangu, cha aina yangu hasa na si ya ndugu yake anayefanana naye jina, nikatoa vipande vya fimuwea, na kuviandika kupitia fastboot kwa kufuata orodha ambayo ukurasa wa simu hii kwenye tovuti ya LineageOS umeitoa. Kwa modemu, kwa mfano, ilikuwa hivi:

```
fastboot flash modem NON-HLOS.bin
```

Kabla ya kuanza nilinakili namba ya toleo la modemu kutoka Kuhusu simu, na baada ya kuwaka nikailinganisha. Imebadilika, kazi imekamilika. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi hii yote ambayo naomba mtu asiikimbilie. Ukikosea mfumo, rikaveri ipo na utauweka tena. Ukikosea kipande cha butloda, hakuna kitakachoamka cha kukusaidia, na simu inakuwa tofali. Nilichaji betri hadi juu, nikaukazia waya, na sikuigusa meza mpaka ilipomaliza. Sasisho la wiki likaingia baada ya hapo kana kwamba halijawahi kugoma.

Mdogo wangu alipouliza swali lake, nilimwonyesha amri mbili zinazosoma ile mistari:

```
adb shell getprop ro.build.version.security_patch
adb shell getprop ro.vendor.build.security_patch
```

Tarehe ya kwanza ni ya sehemu ambayo msimbo wake uko wazi. Tangu Agosti 2015 Google hutoa taarifa ya usalama kila mwezi, ikiorodhesha mashimo yaliyozibwa, na wanajamii huchukua marekebisho hayo na kuyaunganisha kwenye mfumo. Humo kuna vitu vinavyofungua picha na video, bluetooth, na mfumo unaozigawia programu ruhusa. Keneli nayo, kwa kuwa ni Linux na leseni yake inadai msimbo utolewe, inaweza kuzibwa, ingawa inategemea mjenzi wa simu yako ana muda na moyo kiasi gani. Tarehe ya pili ni ya sehemu iliyofungwa: madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa, ya kamera, ya michoro, ya redio, ambayo mtengenezaji aliyatoa yakiwa yameshajengwa bila msimbo wake. Wajenzi huyachukua yalivyo kutoka kwenye mfumo rasmi wa mwisho na kuyapanga ndani ya kifurushi chao. Hawawezi kuziba shimo kwenye kitu wasichoweza kukisoma. Kwa hiyo tarehe ile iliganda siku mtengenezaji alipoacha, na LineageOS huionyesha wazi kwenye Mipangilio badala ya kuificha. Nawaheshimu sana kwa hilo. Ingekuwa rahisi kuonyesha tarehe moja mpya na kumwacha mtumiaji alale usingizi.

Sasisho rasmi, wakati lilipokuwa hai, lilisogeza tarehe zote mbili kwa pamoja. Sasisho la wanajamii linasogeza moja. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko ukubwa wa faili, kuliko rangi ya onyo la kuwakia, na kuliko mara ngapi kwa mwezi.

Simu ya mdogo wangu ni mpya zaidi na ni ya aina yenye pande mbili, A na B, mpango ulioingia na Android 7.0. Kwake sasisho huandikwa kwenye upande uliolala huku yeye akiendelea kupiga simu, kisha akiiwasha upya anahamia upande wa pili. Upande mpya ukikataa kuwaka mara kadhaa, butloda humrudisha alikotoka. Raha hiyo anayo hata kwa masasisho ya LineageOS. Kuna mambo mawili ambayo nilimwonya. La kwanza ni kwamba kwenye simu kama yake isiyo na kipande cha peke yake cha rikaveri, rikaveri hukaa pamoja na keneli, hivyo kila sasisho likiingia huja na rikaveri yake na TWRP inaondoka. La pili ni kwamba zile fimuwea nazo ziko pande mbili. Upande mmoja unaweza kuwa na za mwaka huu na wa pili za siku simu ilipotoka kiwandani, na ukihamia upande huo kwa mara ya kwanza ukiwa na mfumo mpya, ndipo simu inagoma kuwaka. Ndiyo sababu maelekezo ya simu nyingi za namna hiyo yanaanza na kunakili vipande vya upande mmoja kwenda wa pili kabla ya kuweka mfumo. Wanaoiruka hatua hiyo kwa kuona haina maana hukutana nayo kwenye sasisho la kwanza.

Mwaka 2024 nilipanda kutoka LineageOS 20 kwenda 21, yaani Android 14. Programu ya kusasisha haikunipandisha. Yenyewe hubaki ndani ya toleo moja, na kupanda toleo zima ni kazi ya mkono: rikaveri mpya, `adb sideload` ya mfumo mpya, na papo hapo kifurushi cha Google cha Android 14, maana kile cha zamani kilichobebwa na `addon.d` kimejengwa kwa Android 13. Sikufomati data, na kila kitu kilibaki. Kurudi nyuma ndiko kusikowezekana kwa njia hiyo. Funguo za hifadhi hufungamanishwa na toleo na tarehe ya kiraka, na zikishapandishwa hazikubali kutumiwa na mfumo wa nyuma. Ukirudi 20 baada ya kuionja 21, utarudi na simu tupu. Kwa hiyo nilinakili kila kitu kwenye kompyuta kwanza, nikalifungua faili moja la nakala hiyo kuhakikisha linasomeka, ndipo nikaanza.

Tumekubaliana na mdogo wangu namna ya kuishi na zile tarehe. Simu yangu haishiki tena mtandao wa mtu nisiyemjua, na bluetooth naizima nikimaliza kuitumia, kwa sababu redio ndiyo sehemu inayosikiliza wageni kwa kutumia madereva na fimuwea za 2020. Ujumbe, kivinjari na picha naendelea navyo kama kawaida. Kila wiki, sasisho likishaingia, hufungua ule ukurasa na kutazama kama mstari wa juu umesogea. Wa chini siutegemei usogee, lakini huwa nausoma pia.